Shilingi kushuka: wa karafuu tunafaidi au tunaumia?

Wa Wete: Nasikia shilingi ikishuka tunauza nje zaidi. Mbona ilipotoka kama 2,300 kwa dola mwanzo wa 2023 ikapita 2,600 katikati ya 2024, mie niliona mchele tu kupanda?

Duka Darajani: Hilo mie nalijua kwa mfuko wangu. Mchele wa mapembe nachukua kwa mkopo, bei kwa dola, siku ya kulipa dola imeshapanda, sikuongeza hata polo moja lakini shilingi zilonitoka, wallahi acha tu.

Kijana wa Chake: Ya muda tu hayo, ndo mkunjo wa J, hesabu ya pesa inayoingia na kutoka nje huharibika kwanza halafu hupanda. Muingereza alishusha pauni Novemba 1967 kutoka dola 2.80 hadi 2.40, 1968 hali bado mbaya, 1969 akawa na ziada. Na sie tusubiri.

Bi Mtambile: Ngoja kwanza sheikh. Muingereza bidhaa zake nyingi aliuza kwa pauni, kwa hiyo mikataba ya zamani ikamletea dola chache papo hapo, na vya nje akaendelea kununua vile vile. Karafuu inauzwa kwa dola. Tuseme tunauza za dola milioni 10 tunanunua za dola milioni 15, pengo ni milioni 5. Kwa 2,300 hiyo ni shilingi bilioni 11.5, kwa 2,600 ni bilioni 13. Kwa shilingi pengo limekua, kwa dola liko pale pale, basi mtu akikwambia hali imeharibika muulize kahesabu kwa pesa gani.
Kazi ni huko kupanda kwa J. Mpaka tuuze zaidi au tununue kidogo, na mchele nani ataacha? Mkarafuu ukiupanda leo ungoje miaka 6 au zaidi, tena ukizaa sana msimu huu, ujao unaweza kukupa kidogo. Na ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, inamlipa mkulima kwa bei ya shilingi ilopangwa, isipopandishwa yeye hiyo dola haimfikii, kwa nini aongeze wachumaji? Mwani ndo ungeitika haraka, unafunga leo, wiki 6 unavuna.

Mkulima wa mwani, Paje: Dada yangu, kuitika na nini? Bei ya kilo anaitaja mnunuzi, kwetu haijasogea, taitai na kamba ndo zimepanda. Na ule mwani wenye bei maji yakipata moto unaoza wote.

Bi Mtambile: Basi hapo tofauti kaibakisha mnunuzi, anauza kwa dola anakulipa shilingi.

Kijana wa Chake: Utalii je? Mgeni anaona rahisi anakuja.

Duka Darajani: Rahisi wapi, 2024 chumba kilikuwa kwa dola, boti mgeni alikuwa analipa kwa dola. Alofaidi ni mwenye hoteli, mishahara alikuwa analipa kwa shilingi.

Kijana wa Chake: Forodhani anakula kwa shilingi lakini, na pweza hatoki nje.

Duka Darajani: Pweza hatoki nje, mafuta ya kukaangia na unga wa urojo je?