Kwaya yenu imerudisha wimbo wangu kwa "sambamba"! Sambamba gani hiyo jamani?

FundiKinanda_Unguja (ameanzisha uzi)

Hodi wanajukwaa. Nina hasira, na nitaandika nikiwa nayo hivi hivi.

Miezi minne nimekaa na wimbo mmoja. Sauti nne: soprano, alto, tena, besi, na solfa yote nimeiandika kwa mkono. Nikaenda Darajani nikatoa kopi kumi na mbili kwa pesa yangu, nikazipeleka kwa wale wanaopitia nyimbo mpya kabla kwaya haijaanza mazoezi. Wiki ya pili kopi moja ikarudi, ukurasa wa kwanza umezungushiwa duara jekundu, kalamu imekandamizwa mpaka karatasi imetoboka. Pembeni neno moja: SAMBAMBA. Chini yake: "Rekebisha."

Nirekebishe nini? Nilipouliza nikaambiwa "tano sambamba na oktava sambamba, kila mtunzi anajua". Mimi sijui! Nimejifunza kinanda kwa kumtazama mtu mikono, sikukaa darasani. Na wimbo ukipigwa hausumbui sikio la mtu. Mama mwenye nyumba wangu anauimba akichuja nazi.

Kipande chenyewe hiki. Dohi ni C, kodi ya nne inakwenda ya tano (kodi ya muziki, yaani noti zinazosikika pamoja, si ile ya ZRA):

```
S:  l   t
A:  f   s
T:  d   r
B:  f   s
```

Kodi zote mbili ziko sahihi. Noti tatu za kodi zipo, hakuna iliyokosekana. Sasa kosa liko wapi? Au kosa ni kwamba sikutoka kwenye familia ya watu wa muziki?

Mpemba_wa_Gombani

Pole yakhe. Siye huku Chake tulirudishiwa wimbo kwa sababu ya maneno, wako angalau umerudi kwa noti. Lakini kosa hilo nalijua: tano haziruhusiwi. Ukiona besi na tena wameachana noti tano, futa, weka kitu kingine. Ndivyo nilivyofundishwa.

Bi_Alto_Mstaafu

Mwanangu Mpemba, ungefuta tano zote usingebaki na wimbo. Kila kodi ya kawaida ina tano ndani yake. Hayo si yaliyoandikwa pale.

Mimi sijui kanuni, nimeimba alto miaka ishirini na sita tu. Nikitazama kipande cha huyu kijana, mstari wa alto ni f kwenda s, na besi naye f kwenda s. Hapo nimekwishaimba mara nyingi katika nyimbo za watu. Unajua inakuwaje? Unafungua kinywa, unasikia umeyeyuka. Mwalimu anakuambia "alto, sisikii", nawe unapiga kelele mpaka shingo inakukaza, na bado hasikii. Besi wamekumeza.

FundiKinanda_Unguja

Bi, kwa heshima, hilo si tatizo la wimbo, ni besi kuimba kwa nguvu. Waambieni wapunguze.

MtuWaUdi

Mimi nashangaa malalamiko haya. Katika taarab fidla, kanuni na nai zote zinapiga sauti ileile, huyu juu huyu chini, oktava kwa oktava kuanzia mwanzo mpaka mwisho, na watu wanatunza. Hakuna aliyewahi kutuzungushia duara. Kama oktava ni kosa basi Unguja nzima imekosa tangu zama za Sultani.

KaratasiYaMistari

Nimekuwa nikisoma kimya, lakini hapa naona kila mtu ameshika mkia au sikio la tembo. Ndugu Fundi, waliokurudishia wimbo, wako sahihi kuhusu noti. Kuhusu adabu, hawako sahihi. Mtu ukimwambia kosa umwonyeshe lilipo.

Weka kidole kwenye tena na besi peke yao. Kodi ya kwanza besi ana f, tena ana d. Kutoka f kupanda d ni tano. Kodi ya pili besi ana s, tena ana r. Kutoka s kupanda r ni tano tena. Wote wawili wamepanda hatua moja, na umbali kati yao haukubadilika. Hiyo ndiyo tano sambamba. Sasa alto na besi: f na f, halafu s na s. Hiyo ni oktava sambamba. Makosa mawili ndani ya mapigo mawili. Soprano yako haina tatizo: l juu ya f ni tatu, t juu ya s ni tatu, na tatu zikifuatana hazisumbui.

Kwa nini tano na oktava, na si tatu? Kwa sababu noti mbili za oktava mitetemo yake ni mbili kwa moja, na za tano ni tatu kwa mbili. Zinaungana sana masikioni, kuliko umbali mwingine wowote. Zikisogea pamoja upande mmoja, sikio halisikii tena watu wawili, linasikia mmoja aliyenenepa. Ndiyo maana Bi Alto anasema anayeyuka. Besi hawakuimba kwa nguvu. Ni wewe uliyemwandikia alto kivuli cha besi.

Na ndugu yangu wa udi, taarab haina kosa. Pale fidla na kanuni zimekubaliana toka mwanzo kuwa sauti moja. Hapa Fundi ameahidi sauti nne, halafu ghafla kwa noti mbili zimebaki mbili, kisha zinarudi nne. Msikilizaji anasikia kama ghorofa iliyokatika ngazi katikati.

MtuWaUdi

Hapo nimekuelewa. Lakini bado nasema sikio la Mswahili halikuzaliwa na hiyo ngazi. Na Wagogo wa Dodoma mbona sauti zao zinafuatana kwa tano na nne na ni tamu mno?

KaratasiYaMistari

Ni tamu kweli, kwa sababu wimbo mzima umejengwa hivyo. Wa Fundi umejengwa kwa mtindo wa tenzi za kanisani, kodi ya nne, ya tano, kurudi nyumbani. Ukikubali jengo, umekubali na nguzo zake. Kama anataka kuandika kwa mtindo wa Kigogo aandike, nitakuwa wa kwanza kuusikiliza.

FundiKinanda_Unguja

Sawa, nimeona. Lakini kwa nini linanitokea mimi? Nimepitia wimbo mzima sasa hivi kwa kidole kama ulivyosema, nimekuta mahali saba. Saba!

KaratasiYaMistari

Niambie, unatungia kwenye kinanda? Mkono wa kulia umeshika d, f, l, halafu unausogeza wote kwenye r, s, t bila kubadilisha umbo la vidole, na wa kushoto unapanda naye?

FundiKinanda_Unguja

...Ndiyo.

KaratasiYaMistari

Basi hapo ndipo ugonjwa. Mkono unateleza kama kitelezi cha droo. Na angalia makosa yako yako wapi: nitashangaa kama hayako kwenye kodi zilizo jirani, ya nne kwenda ya tano, ya tano kwenda ya sita, ya kwanza kwenda ya pili. Kodi jirani hazina noti hata moja ya pamoja, kwa hiyo kila sauti lazima ihame, na vidole huhama kundi zima upande mmoja. Ya kwanza kwenda ya nne haikusumbui sana, kwa sababu d ipo kwenye zote mbili na mtu mmoja anaweza kubaki palepale.

FundiKinanda_Unguja

Sita kati ya saba ni ya nne kwenda ya tano na ya tano kwenda ya sita. Nimenyamaza.

Tena_Wa_Malindi

Mimi nina dawa rahisi. Sauti zikienda kinyume hakuna kosa. Mwambie besi badala ya kupanda s, ashuke s ya chini. Tena anapanda, besi anashuka, sambamba imekwisha. Usiguse kingine.

KaratasiYaMistari

Nusu yako ni kweli, ndugu Tena. Kwenda kinyume ndiyo dawa, lakini lazima umbali ubadilike. Ukimshusha besi s ya chini na tena amebaki na r, bado ni s na r. Tano ileile, umeiongezea oktava tu. Sikio halidanganyiki, na walimu wengi watakuzungushia duara vilevile. Isitoshe, umemrusha besi kutoka f kushuka noti saba, jambo ambalo besi wa kwetu atalifanya siku ya mazoezi, siku ya ibada atakuwa amepotea.

Besi mwache apande f kwenda s, ndiyo njia yake. Soprano usiiguse, ni wimbo wa mtu. Wanaopaswa kushuka ni hawa wawili wa katikati:

```
S:  l   t
A:  f   r
T:  d   s
B:  f   s
```

Tena anashuka mpaka s ya chini yake. Sasa pima. Besi na tena: tano, halafu noti moja ileile. Besi na alto: oktava, halafu tano. Hakuna umbali uliojirudia. Kodi ya tano bado kamili, s, t, r, na s ndiyo iliyo mara mbili, kama inavyofaa. Usimpe mtu mwingine t, ile tayari iko kwa soprano na inataka kupanda d. Ukiiweka mara mbili utazaa oktava nyingine kodi inayofuata.

Tena_Wa_Malindi

Sasa mimi ndiye ninayeimba hiyo. Kutoka d kushuka s ni kuruka noti nne. Kwa nini sisi tena ndio tupigwe?

Bi_Alto_Mstaafu

Mwanangu, alto tumeyeyuka miaka yote, ruka wewe mara moja.

KaratasiYaMistari

Ukisharuka unapata malipo: kodi ya kwanza ikija, s yako unabaki nayo, huhami.

Fundi, ile ya tano kwenda ya sita iangalie pia. Besi akipanda s kwenda l na t ikipanda d, wengine washushe, na katika kodi ya sita utaishia na d mbili. Hapo ni sawa, usiogope.

FundiKinanda_Unguja

Nimebadilisha vipande vyote saba usiku huu, umeme umekatika mara mbili, nikaendelea kwa tochi ya simu. Nimewaimbisha wapangaji wenzangu watatu kile cha kwanza, mimi nikashika besi. Alto imesikika. Nakiri.

Lakini bado nina kesi. Mwishoni kwenye kiitikio nimewaandikia wote wanne noti zilezile, s, l, t, d, wanaume oktava chini. Kusudi kabisa, kama watu wanaotembea pamoja. Nao wameizungushia duara.

Mpemba_wa_Gombani

Hiyo ni oktava sambamba nne mfululizo. Futa.

KaratasiYaMistari

Hapana, wote wakiimba noti moja hiyo ni kusudi, msikilizaji anaijua tangu noti ya kwanza. Swali langu ni hapo wanapoingia. Noti ya kabla ya s ni ipi kwa alto na besi? Kama walikuwa tayari kwenye oktava, mlango wenyewe una kosa.

FundiKinanda_Unguja

Alto f, besi f.

MtuWaUdi

Mimi ningeiacha.