Tupeane uzoefu: kumjibu mteja ambaye hujui ujumbe wako unaonekanaje kwenye simu yake

DadaWaTegeta
Habari zenu, wakuu. Wengi wetu tunaofanya kazi ya huduma kwa wateja hapa Dar tunatumia kisanduku kimoja kinachopokea ujumbe wa WhatsApp, wa SMS na wa dirisha la tovuti, na mara nyingi mfumo hauonyeshi mteja anaandika kutokea wapi. Tumezoea kwamba usipojua, unaandika maandishi matupu: aya fupi, hatua zenye namba, bila nyota za kukoleza maneno, bila vichwa vya habari na bila majedwali. Jibu la kwanza huwa halina shida. Shida huanza kwenye jibu la tatu au la nne, mazungumzo yanaporefuka na zamu inapobadilika, kwa sababu mtu mwingine anaingia na mtindo wake. Mwenye kisa cha namna hiyo atueleze.

FundiMalipo
Dada, umenikumbusha kisa ambacho hadi leo ninawasimulia wageni wote wanaoanza kazi ofisini kwetu. Mteja wetu mmoja wa Mbagala alitaka kulipia pampu ya maji kwa M-Pesa. Mwenzetu wa zamu ya asubuhi hakujua ujumbe wake ungeonekanaje, kwa hiyo akaandika kwa busara kabisa: "Hatua ya 1. Piga nyota 150 nyota 00 reli." Akaendelea hadi hatua ya 5 kwa mtindo huohuo, na mama yule akajibu kwamba ameelewa na atalipa mchana, akitoka sokoni.

Mchana mama akarudi kuuliza jambo dogo kuhusu hatua ya 4. Zamu ilikuwa imebadilika, na aliyeingia akaona ni haraka zaidi kunakili kutoka kwenye mwongozo wa ofisi. Alichotuma kilikuwa hiki:

```
## Malipo
* Piga *150*00#
* Fuata maelekezo, kisha **thibitisha jina**
```

Kumbe mama alikuwa kwenye dirisha la tovuti, ambalo linageuza alama za Markdown kuwa mapambo. Nyota mbili zinazozunguka 150 zilichukuliwa kuwa amri ya kulaza maandishi, zikatoweka, na kwenye simu yake ikabaki "Piga 15000#". Akapiga, ikakataa. Akapandisha mazungumzo juu, akakuta asubuhi aliambiwa kitu kingine. Zaidi ya hayo, alikuwa ameuliza hatua ya 4, na jibu jipya halikuwa na hatua yenye namba hata moja. Akahitimisha kwamba mazungumzo yameingiliwa na matapeli, akasitisha malipo, na akawaonya ndugu zake wasitununulie chochote. Ninamwelewa kabisa. Katika mji ambao watu wanatumiwa ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii", mtu akiona maelekezo ya malipo yamebadilika sura katikati, ana haki ya kukimbia.

Angalieni kwamba mtindo wa asubuhi ungesomeka sawasawa popote, iwe WhatsApp, SMS au tovuti. Makisio yalikuwa salama, na mama alikuwa ameshayapokea. Kilichomfukuza ni kubadilisha mtindo bila sababu yoyote iliyotoka kwake.

KariakooKwetu
Ni kweli tupu, nimeliona jambo hilohilo kwenye maelekezo ya kununua umeme wa LUKU.

MzeeWaUpanga
Na mimi nina uzoefu. Ripoti zetu zikitoka idara mbalimbali, fonti zinachanganyika, na aya nyingine zinakuja na nafasi kubwa kuliko nyingine. Dawa yake ni kutumia mitindo iliyowekwa tayari ndani ya hati badala ya kupanga kwa mkono.

DadaWaTegeta
Shikamoo mzee. Hilo nalo ni tatizo, lakini kwenye hati unakiona unachokipanga. Sisi tunazungumzia ujumbe ambao ukishatoka hatuoni umefika ukiwa na sura gani.

KijanaWaSinza
Kaka FundiMalipo, mbona suluhisho ni jepesi? Zungushieni namba hiyo alama za backtick, yaani iandikwe `` `*150*00#` ``, na nyota hazitapotea.

FundiMalipo
Ndugu yangu, umepatia nusu. Kwenye dirisha la tovuti nyota zitabaki, na WhatsApp ya sasa nayo inaitambua alama hiyo. Lakini ukiwa hujui mteja anaandika kutokea wapi, lazima uhesabu na SMS. Alama hiyo haimo katika seti ya kawaida ya herufi za SMS, kwa hiyo ikiwamo moja tu, ujumbe wote hubadilishwa usimbaji, na nafasi hushuka kutoka herufi 160 hadi 70. Ujumbe wa herufi 300, ambao ungegawanywa katika vipande viwili, unakuwa vipande vitano, na kila kipande kinalipiwa. Kile kidoti cha orodha, `•`, nacho kina madhara hayohayo. Ukisema "nyota 150 nyota 00 reli", kila Mtanzania anakuelewa na hakuna mfumo wa kukiharibu.

BintiIlala
Mimi sikubaliani na ugumu huu wote. Mteja akiniomba nimlinganishie pampu tatu kwa bei, nguvu na dhamana, nitampa jedwali, kwa sababu ameomba ulinganisho. Maudhui yakibadilika, mtindo nao ubadilike.

DadaWaTegeta
Mdogo wangu, mteja ameomba ulinganisho, hajakuambia kwamba simu yake inaweza kuonyesha jedwali. Hayo ni mambo mawili tofauti. Jedwali lisipogeuzwa atapata mistari ya `|` na vistari vilivyokatika ovyo kwenye kioo chembamba. Mimi huandika aya moja kwa kila pampu, zote kwa mpangilio uleule: bei kwanza, kisha nguvu, kisha dhamana. Jicho linalinganisha bila shida, na mazungumzo yanabaki na sura moja.

BintiIlala
Kwa pampu tatu, sawa. Kwa kumi, bado ninaona mnamtesa mteja.

FundiMalipo
Kwa kumi ningemuuliza kwanza kama nimtumie faili, kuliko kubahatisha jedwali ndani ya ujumbe.

MamaNtilieWaData
Sisi tunaandika maelezo mafupi ya ndani juu ya kila mazungumzo, ambayo mteja hayaoni: "maandishi matupu, hatua zina namba, imeishia hatua ya 5". Anayeingia zamu anaanzia hapo, na hatua inayofuata inakuwa ya 6. Tunabadilisha tu pale ushahidi unapotoka kwa mteja mwenyewe, kwa mfano akiuliza hizo nyota ni za nini, au akituma picha ya kioo chake. Tukibadilisha, tunabadilisha mara moja na kubaki hapo hadi mwisho. Kukaa kwake kimya hatukuhesabu kuwa ushahidi, kwa sababu wengi huvumilia ujumbe mchafu bila kusema.

KijanaWaSinza
Na mteja akiandika mwenyewe `*HARAKA*`? Si ameshatuonyesha kwamba yuko WhatsApp?

MamaNtilieWaData
Hapo ofisini tumegawanyika. Nyota mojamoja ndiyo namna ya WhatsApp ya kukoleza neno, lakini watu wazima wengi wameizoea hiyo alama na wanaiandika hata kwenye SMS. Mimi huendelea na maandishi matupu, ambayo hata kama yuko WhatsApp hayamharibii kitu. Wenzangu wawili huanza kukoleza kiasi cha pesa na tarehe kwa nyota mojamoja, na sijaona bado mteja akilalamika.