Binti wa miaka 4 amemkataa mdogo wake, nimpe zawadi gani?

BabaWawili:
Wakuu habari za humu. Nina binti wa miaka 4 na sasa tumepata mdogo wake, ana siku 9. Binti kabadilika ghafla. Alishaacha kukojoa kitandani karibu mwaka mzima, sasa ni kila usiku, anaongea kitoto, mama yake akienda bafuni anasimama mlangoni mpaka atoke, na juzi kamfinya mdogo wake mguu mpaka alama ikabaki. Nataka nimpe zawadi nimwambie mdogo wako ndo kakuletea. Naomba mnisaidie zawadi gani tu, mahubiri sihitaji.

ZeeLaKijiwe:
Umeleta mpangaji mpya bila kumshirikisha mpangaji wa zamani halafu unashangaa anagoma. Siti ya mbele nimekaa 😂

Mama_Pacha:
Pole baba. Wangu niliwapata pacha mkubwa akiwa na miaka 3, nilidhani nitakufa, huyu analia yule analia na mkubwa naye kakaa katikati analia. Kwa huo mkojo usimpe vinywaji jioni na umwamshe usiku aende chooni. Pacha sasa wako darasa la pili, wanapigana wao kwa wao, mkubwa ndo hakimu.

Kipepeo22:
Zawadi ya nini, mpe kazi! Wa kwangu nilimfanya msaidizi, lete nepi, lete kitambaa, zima taa. Akajiona mkubwa, wivu ukaisha.

MwalimuWaVidudu:
Kipepeo hiyo inasaidia, ila angalia isigeuke utumwa. Nishawahi kupokea darasani mtoto aliyeniambia "mimi ni wa kuleta nepi". Ukimpa kazi mpe na ruhusa ya kukataa.
Mleta uzi, alimfinya saa ngapi, na mama alikuwa anafanya nini?

BabaWawili:
Alikuwa ananyonyesha. Sasa hilo linahusianaje na zawadi? Anyway baiskeli nishanunua, ya pinki ina kengele, nilitaka kujua tu kama inafaa. Mpango ni nimpe jumapili wageni wakija kumwona mtoto, na jumatatu aende kwa shangazi yake wiki 2 mama apumzike.

ZeeLaKijiwe:
Kumbe baiskeli ni ya kumsafirishia 😂😂

MwalimuWaVidudu:
Kwa hiyo hukuja kuuliza, ulikuja tugonge muhuri. Haya.
Mtoto mchanga ananyonya mara 8 mpaka 12 kwa siku. Hesabu hapo mkubwa anamwona mama kakaa, mikono yote imeshikwa, na yeye anaambiwa subiri. Hapo ndo alipofinya. Baiskeli inapandwa nje na mama yuko ndani, kwa hiyo haigusi saa inayomuuma.
Mimi ningetafuta kikapu kidogo. Weka kalamu za rangi, karatasi, stika na kitabu kimoja cha picha. Kikae pembeni ya kiti cha kunyonyeshea na kifunguliwe mama akianza kunyonyesha tu, akimaliza kinafungwa. Kila baada ya siku 2 au 3 badilisha kitu kimoja ili kisimchoshe. Akishazoea, mtoto akianza kulia utaona mkubwa anakimbilia kikapu.
Na wewe baba, kila siku dakika 10 naye peke yake, saa ileile, mchezo achague yeye, simu usishike. Siku aliyofinya pia anapata hizo dakika, usizifute kama adhabu. Unamwambia tu "sitakuruhusu umuumize mdogo wako, naona umekasirika", unamsogeza, basi. Na wasiachwe wawili peke yao chumbani, hata dakika moja.

Kipepeo22:
Na ile ya zawadi kutoka kwa mtoto? Mie niliifanya ikakubali.

MwalimuWaVidudu:
Wengine inawakubali, hasa wakiipata siku ya kwanza. Ila wa miaka 4 anaweza kukuuliza kaingia dukani lini huyu. Hapo utaongeza uongo juu ya uongo.

Mpelelezi_wa_Uzi:
Samahanini, naona mnakunywa chai hapa. Huyu jamaa anasema mtoto ana siku 9. Wiki iliyopita kwenye uzi wa kitovu aliandika kitovu cha mwanae kilidondoka "zamani", na leo asubuhi kule kwingine kasema jumapili mtoto anatimiza mwezi. Huyo mtoto anakua kwa spidi gani?

ZeeLaKijiwe:
Aaah mkuu hadi kitovu umefukua 😂 chai ya moto hii

Mama_Pacha:
Jamani na mimi nimeshamwaga siri za pacha wangu zote hapa.

BabaWawili:
Siyo chai. Siku 9 ni tangu waje nyumbani. Mtoto ni njiti, alizaliwa wiki ya 34, wakakaa hospitali karibu wiki 3, mama akawa anambeba kifuani hukohuko. Sikutaka kuliandika kwa sababu kila nikisema njiti watu wanaanza kunipa pole. Binti muda wote huo alikuwa kwa shangazi, tulimwambia mama kasafiri. Sasa kosa liko wapi, ningemwambia nini mtoto wa miaka 4?

Mpelelezi_wa_Uzi:
Ok, hapo hesabu zinakaa. Samahani mkuu.

MwalimuWaVidudu:
Hili ndo lilitakiwa liwe la kwanza. Lile la mlangoni bafuni ulilitaja juujuu, huo siyo wivu, anaogopa mama asipotee tena. Aliaga akiwa mtoto pekee, akarudi kakuta nafasi ina mtu. Halafu jumatatu unampeleka palepale alipokaa mama alipopotea, na baiskeli juu. Ataelewa nini?
Mwambieni ukweli kwa maneno mafupi: mama hakusafiri, alikuwa hospitali kwa sababu mdogo wako alizaliwa mapema, alikuwa anakukumbuka. Ataliuliza mara ishirini, jibuni mara ishirini. Mkojo usimgombeze wala usimwamshe usiku kwa ajili hiyo, tandika kitu kisichopitisha maji, subiri. Isipopata nafuu, au akianza kusikia maumivu akikojoa, mwone daktari.

BabaWawili:
Lakini mama yake hajalala wiki 4. Shangazi kashajiandaa, na anampenda sana. Mimi kazini narudi jioni. Mnasema tu.

Mama_Pacha:
Shangazi si aje kwenu yeye? Abebe mchanga, mama alale saa moja, saa nyingine akae na mkubwa. Mimi dada yangu aliniokoa hivyo.

BabaWawili:
Nitamuuliza, sina uhakika, naye ana kwake.

BabaWawili:
Mrejesho, siku ya 4. Kikapu tumeweka. Siku ya kwanza alikimwaga chote chini. Jana mama ananyonyesha, akachora mkono wake kwenye karatasi, akaomba na mguu wa mdogo wake uchorwe pembeni, mama akamshikia mtoto yeye akazungusha kalamu. Mguu umetoka kama kiazi. Akaniuliza "na mimi nilikuwa mdogo hivi, nilikaa hospitali?" nikatoa picha zake za uchanga, tumeziangalia mpaka akasinzia. Mkojo bado upo. Ya shangazi hatujakubaliana na mama yake.

ZeeLaKijiwe:
Na baiskeli?

BabaWawili:
Iko stoo. Kengele kaisikia, anauliza kuna nini.