Nimezaliwa 1963, niko Uswisi: nichukue pensheni mwaka mmoja mapema au nisubiri nyongeza?

MamaPendo63
Wapendwa, naomba akili zenu. Nimezaliwa Mei 1963, niko Uswisi tangu Januari 1995, kazi yangu ni jikoni kwenye nyumba ya wazee. Siku zote nilijua nitapumzika nikifika 64, kama wenzangu walionitangulia. Ikaja ile kura ya Septemba 2022, waliosema ndiyo wakashinda kwa asilimia 50.5 tu, wanawake tukapandishwa kuelekea 65 ili tuwe sawa na wanaume. Wa 1961 wakaongezewa miezi 3, wa 1962 miezi 6, sisi wa 1963 miezi 9, na kuanzia 1964 ni miaka 65 kamili. Kwa hiyo pensheni yangu ya serikali, AHV, inaanza Machi 2028.

Makadirio niliyoletewa yanasema nitapata kama faranga 1,430 kwa mwezi, na nikisubiri kuna nyongeza ya maisha yote. Ila naweza pia kuanza kuchukua Machi 2027. Magoti yangu yanasema chukua. Binti yangu anasema subiri, nyongeza usiiache. Nimsikilize nani?

Mzee_wa_Kantoni
Dada, usithubutu kuchukua mapema. Wanakata asilimia 6.8 kwa kila mwaka unaowahi, na hiyo hairudi mpaka unaingia kaburini. Mimi walinionyesha hesabu yangu nikarudisha karatasi mezani.

Bi_Hesabu
Mzee, shikamoo. Hiyo 6.8 ni kweli, lakini ni ya kwako wewe mwanamume, na ya wanawake waliozaliwa kuanzia 1970. Waliozaliwa 1961 hadi 1969 wametengewa viwango vyao, kwa sababu wao ndio waliobebeshwa mabadiliko wakiwa njiani. Nimeshika mishahara ya watu miaka mingi, na hapa ndipo wengi wanapopotea.

Dada MamaPendo, kitu cha kwanza tafuta kwenye makadirio yako ule mstari wa wastani wa kipato kwa mwaka. Siyo mshahara wako wa sasa. Ni wastani wa miaka yote uliyochangia, na ndani yake wanaingiza pia pointi za kulea watoto. Ukiwa haujazidi faranga 60,480, ukichukua mwaka mmoja mapema unakatwa sifuri. Miaka miwili, asilimia 2. Ukizidi hapo kidogo, mwaka mmoja ni asilimia 2.5, na wenye kipato cha juu 3.5.

Lakini huli kote kote. Ukichukua mapema, nyongeza inakufa. Wanakupa moja tu: punguzo la makato, au nyongeza.

MamaPendo63
Asante sana mdogo wangu. Nimeutafuta huo mstari, umeandikwa 45,000 na kitu. Sasa binti yangu kasoma mahali kwamba nyongeza ni faranga 160 kwa mwezi. Hiyo si pesa ya kuchezea.

Bi_Hesabu
160 ndiyo ya juu kabisa kwa wenye kipato kama chako, ila wanaoipata yote ni wa 1964 na 1965. Wa 1961 wanapata robo yake, wa 1962 nusu, nyie wa 1963 robo tatu. Baada ya 1965 inashuka tena kidogo kidogo hadi robo kwa wa 1969. Kwa hiyo wewe unaanzia 120.

Halafu kuna pengo. Kwa umri wako, pensheni kamili inataka miaka 44 ya michango, tangu mwaka unaofuata ulipotimiza 20. Wewe umeanza 1995, mpaka mwisho wa 2027 ni miaka 33. Ni robo tatu tena, na nyongeza nayo inapunguzwa vivyo hivyo. Robo tatu ya 120 ni 90. Angalia barua yako, nadhani utaikuta hiyo.

Sasa weka mizani. Ukianza Machi 2027 unapokea mapema kama faranga 17,000 kwa huo mwaka. Badala yake unaacha 90 kila mwezi kuanzia Machi 2028. 17,000 gawanya kwa 90 ni miezi 189 hivi, karibu miaka 16. Maana yake ukisubiri, unaanza kupata faida ukiwa umepita miaka 80. Usiishike kama senti ya mwisho, kwa sababu mwaka unaochukua mapema hesabu inakuwa na mwaka mmoja pungufu wa michango, kisha wanaipiga upya ukifika umri wako kamili. Lakini picha ndiyo hiyo.

Salma_1960
Mimi naumia nikisoma hivi. Nilizaliwa Desemba 1960, nikastaafu 64 yangu kwa sheria ya zamani, nyongeza sina. Jirani yangu ni wa Januari 1961, tunapishana wiki tano. Yeye kasubiri miezi 3 zaidi na sasa ana vijisenti vyake vya nyongeza kila mwezi. Tukikutana kwenye ngazi ananitania. Hajui kama mwanzoni nilijiona mimi ndiye mwenye bahati.

Bi_Hesabu
Dada Salma, yake haiwezi kuzidi 40 kwa mwezi, na wewe ulipokea miezi 3 mizima kabla yake. Hajakupita bado, na itachukua miaka.

Juma_Kijiko
Na sisi wanaume wa 1963? Mbona hakuna fidia? Nimefanya kazi ujenzi, mgongo umeisha.

Mzee_wa_Kantoni
Bwana Juma, wewe ulikuwa 65 tangu mwanzo na umebaki 65. Hukuongezewa hata siku moja, utafidiwa nini? Mambo ya mgongo fungulia uzi wake.

Nyota_ya_Pwani
Mama Pendo, shikamoo. Swali moja: unarudi nyumbani au unabaki? Na pasipoti yako ni ipi? Mama mdogo wangu alikuwa bado na pasipoti ya Tanzania. Tanzania haina mkataba wa hifadhi ya jamii na Uswisi, na Kenya vilevile, kwa hiyo ukihama moja kwa moja na pasipoti hiyo pensheni haikufuati, unaomba kurudishiwa michango. Mwenye uraia wa Uswisi anatumiwa popote alipo.

MamaPendo63
Marahaba mwanangu. Uraia ninao tangu 2009. Kurudi sijaamua, wajukuu wako hapa.

Bi_Hesabu
Basi hapo una uhuru. Ila ukibaki, fikiria jambo hili. Kama pensheni yako na ile ya mfuko wa kazini hazitatosha kodi ya nyumba, huenda utaomba msaada wa ziada wa serikali. Wakipiga hesabu ya msaada huo, nyongeza ya 90 hawaihesabu kama kipato. Inabaki mfukoni mwako juu ya msaada. Kwa mtu wa namna hiyo, kusubiri kuna uzito kuliko miezi 189 inavyoonyesha.

Upande wa pili: kuchukua AHV hakukulazimishi kuacha kazi. Lakini ukiendelea kulipwa mshahara kamili huku unapokea pensheni, vyote viwili vinatozwa kodi, na ile 17,000 inayeyuka. Kama utachukua, chukua huku umepunguza siku za kazi. Kisha peleka ombi miezi kadhaa kabla ya Machi 2027. Ombi la mapema halirudi nyuma. Ukichelewa mwezi, mwezi huo umepotea.

MamaPendo63
Nimewasikia. Wastani uko chini, nyongeza ni 90 kweli, nimeikuta imeandikwa ukurasa wa pili na sikuwa nimeiona. Mama yangu mzazi alifika miaka 91, ndiyo inanitia kigugumizi. Jumatatu nitamuuliza mkuu wa jikoni kama anaweza kunipa siku tatu kwa wiki. Akikataa, sijui.