Slipu ya benki inanakiliwa, haisahihishwi! Acheni kupatanisha tarakimu na maneno

Kalamu Nyeusi
Wakuu, hili limenifika kooni. Mtu anapewa picha ya slipu ya kuweka fedha aichape kama ilivyo, yeye anaigeuza mtihani wa hesabu. Akiona tarakimu na maneno havipatani, anabadilisha kimoja ili vifanane. Nani amewatuma?

Tazameni slipu hii. Kiasi kina visanduku tisa. Mwekaji amepiga mstari kwenye vitatu vya mwanzo ili mtu asije akaongeza namba mbele, kisha akaandika 1 1 5 0 0 0. Kwa haraka yake, ule mstari umepitiliza na kugusa kichwa cha 1 ya kwanza. Mchapaji akaona 7, akaandika 715,000. Kosa la kawaida, silaumu. Lakini chini kwa maneno kumeandikwa wazi kabisa "Laki moja na elfu kumi na tano tu". Akafanya nini? Akachapa "Laki saba na elfu kumi na tano tu"! Ushahidi pekee wa kwamba alikosea ameufuta kwa mkono wake. Mkaguzi anayekuja nyuma anaona sehemu mbili zinakubaliana, anapitisha. Bila picha hakuna atakayejua kamwe.

Na ilikuwa rahisi kugundua. Ukikuza picha, "kichwa" cha hiyo 7 kinaanzia visanduku vitatu nyuma na mteremko wake haubadiliki, ni mstari mmoja mrefu. Halafu huyo mwekaji ana 7 mbili kwenye namba ya akaunti, zote zimekatwa katikati. Hii haijakatwa. Mwandiko wa mtu unasomwa kwa mwandiko wake mwenyewe, si kwa 7 ya kwenye kibodi!

Mzee wa Leja
Mkuu unahangaika bure. Sheria iko wazi: maneno na tarakimu vikigongana, maneno ndiyo yanashinda. Chapa kiasi cha maneno pande zote mbili, mchezo umekwisha.

Bi Hesabu
Mzee wangu, umeshika nusu. Kanuni hiyo ni ya hundi na hati za namna hiyo. Imo hata kwenye sheria ya Uingereza ya hati za malipo ya mwaka 1882, kifungu cha 9. Hundi ni amri ya kulipa, kwa hiyo lazima ijulikane ilipwe kiasi gani. Slipu ni maelezo ya fedha zilizokabidhiwa, na keshia anazihesabu palepale. Na hata kama kanuni ingehusika, kuamua kipi kinashinda si kazi ya anayenakili. Yeye aandike vyote viwili vikiwa vimegongana hivyohivyo.

Tena msiyaamini maneno kupita kiasi. Kiswahili chetu kina mtego wake kwenye "elfu". Mtu akiandika "Elfu mia mbili na hamsini", wengi watasoma 250,000, lakini maneno hayohayo yanaweza kuwa 200,050. Aliyeandika "Laki mbili na elfu hamsini" hana utata huo. Hapo ndipo mchanganuo wa noti unapookoa: noti 25 za 10,000 zikiwa zimeorodheshwa, ni 250,000. Kwenye slipu ya Kalamu, 10,000 mara 11 ni 110,000, ongeza noti moja ya 5,000, unapata 115,000. Mashahidi watatu kwenye karatasi moja, na mchapaji hakuwauliza hata wawili.

Kijana wa Data
Afadhali mmeleta hii mada. Mimi namba za akaunti zinanipotea sifuri ya mbele kila nikichapa kwenye Excel, na zile ndefu zinageuka 1.52E+12. Hiyo si picha mbovu?

Bi Hesabu
Hapana mwanangu, picha haina kosa hapo, ni jedwali linaloidhania akaunti kuwa kiasi. Chagua safu nzima, iweke kuwa Text *kabla* hujachapa chochote. Ukiibadilisha baadaye sifuri hairudi. Na namba ikizidi tarakimu 15, zinazofuata zinageuzwa sifuri kimyakimya, kwa hiyo rudi kwenye picha uzichape upya.

Kalamu Nyeusi
Sasa tuje kwenye sahihi, maana hapo ndipo hasira inanipanda zaidi. Sahihi ya haraka ni mkwaruzo: mpando, mawimbi mawili, mkia mrefu. Mchapaji anapanda juu kwenye "Jina la mweka fedha", analichukua, analibandika kwenye sahihi. Umesoma wapi hilo jina ndani ya ule mkwaruzo? Huenda aliyesaini ni mtu mwingine kabisa, na hilo ndilo jambo ambalo anayesoma nakala yako angetaka kulijua. Andika kwamba sahihi ipo na haisomeki, basi. Herufi ya kwanza ikisomeka, iandike hiyo moja.

Slipu yetu ilitakiwa itoke hivi:

```
KIASI_TARAKIMU: [---]115000
KIASI_MANENO: Laki moja na elfu kumi na tano tu
SAHIHI: [ipo, haisomeki]
MAELEZO: mstari wa visanduku vitupu umegusa 1 ya kwanza
```

Na huo mkia wa sahihi mara nyingi unapanda mpaka kwenye visanduku vya juu yake. Ukikata 0 kwa chini, unaipata 9 au 6 ambayo hakuna aliyeiandika. Fuata wino kwa jicho: ukitoka nje ya kisanduku na kuendelea hadi kwenye sahihi, si sehemu ya tarakimu.

Nuru ya Usiku
Samahani Kalamu, naona unajipinga. Unakataza kupatanisha, halafu unatumia maneno na noti kuamua kwamba ile ni 1. Si kupatanisha huko?

Kalamu Nyeusi
Swali la haki. Mimi sikuhitaji noti wala maneno, mwelekeo wa mstari na zile 7 zilizokatwa vilitosha. Tarakimu iliyo wazi haiguswi. Ingekuwa 7 isiyo na shaka, ningechapa 715,000 na kuacha maneno yaseme laki moja, kisha niweke maelezo.

Bi Hesabu
Hapa mimi na Kalamu tunaachana kidogo. Tarakimu ikiwa na utata wa kweli, naona ni halali kutazama noti, ilimradi uandike kwamba umesoma hivyo kwa sababu ya noti. Ila zisome tarakimu kwanza huku umefunika maneno. Jicho likishajua jibu, litaliona hata pasipokuwepo.

Nuru ya Usiku
Na nakala ya chini, ile ya kaboni? Kuna michirizi hafifu inayopita juu ya tarakimu.

Bi Hesabu
Hiyo mara nyingi ni mkandamizo wa slipu nyingine iliyoandikwa juu ya kitabu hichohicho. Utaijua kwa sababu haifuati visanduku. Karatasi zikiwa zimeteleza, tarakimu *zote* zinahama upande mmoja kwa kiasi kilekile, na hapo ukingo wa kisanduku unakata katikati ya namba na kuonekana kama 1. Hesabu tarakimu za akaunti: zikizidi visanduku, umechapa ukingo.

Mzee wa Leja
Kwa hundi bado nasimama na maneno. Lakini hiyo ya "elfu mia mbili na hamsini"... kama noti hazijaorodheshwa, mnaandikaje?

Bi Hesabu
Maneno kama yalivyo, tarakimu kama zilivyo. Na tarakimu nazo zikiwa zimefunikwa na mhuri, iombwe picha nyingine, itumwe kama faili, maana picha ikitumwa kawaida kwenye simu inabanwa na wino hafifu chini ya mhuri ndio unaotangulia kupotea.