Matangazo ya katikati yananifukuzia watazamaji, nisaidieni

FundiBoxer_Kla: Wakuu, nina chaneli ya YouTube ya ufundi wa pikipiki hapa Kampala, tayari inalipwa. Video ya kusafisha kabureta ina dakika 12 na sekunde 40. Nimeweka tangazo dakika ya 2 na ya 6, lakini watu wanakimbia. Nirefushe zaidi au nipunguze matangazo?

Kalule_wa_Bando: Bando lenyewe tangu 2021 linatozwa asilimia 12, halafu mtu alitumie kutazama tangazo! Muwe na huruma.

MamaShazi: Mimi wa mapishi nakwama kwenye watu 700, hata kulipwa bado. Mwenzetu unalia na shibe.

Opio256: Lazima ufikishe dakika 10, ndipo matangazo ya katikati yakubali. Wewe umepita, ongeza mengine.

Nabirye_Mhariri: Dakika 10 ilikuwa zamani, Opio. Tangu Julai 2020 ni 8. Fundi, kabureta unaifungua dakika ya ngapi?

FundiBoxer_Kla: Inategemea. Kuna utangulizi kidogo.

Nabirye_Mhariri: Kidogo kiasi gani?

FundiBoxer_Kla: Dakika 3 na nusu, safari ya kwenda Jinja. Lakini inaonyesha jinsi pikipiki inavyokula mafuta! Na video ndefu inalipa, kila mtu anajua.

Opio256: 😂 Tumekuja kwa kabureta, tunapelekwa Jinja.

Nabirye_Mhariri: Basi tangazo la kwanza linamkuta mtu barabarani, hajaona hata bisibisi. Ikate safari yote kwenye Studio: utabaki na 9:10, bado umevuka 8. Tangazo la katikati halikuingizii kitu kwa aliyeondoka kabla yake. Acha moja tu, pale jeti zimeshasafishwa na hujaanza kurudishia. Aliyefika hapo anataka kusikia mlio. Ukishakata, kagua upya sekunde, maana kila kitu kimesogea.

Ssalongo_Macho: Ngojeni. Chaneli haina jina, grafu hakuna. Huyu kesho atatuuzia kozi.

FundiBoxer_Kla: Sina kozi, mzee. Jina sitoi, wateja wangu wamo humu. Grafu inasema hivi: kati ya 100, dakika ya 2 wapo 58, sekunde 30 baadaye, 31.

Ssalongo_Macho: Namba hata mimi naweza kuandika.

Nabirye_Mhariri: Za uongo au za kweli, zinasomeka. Watu 42 waliondoka kabla ya tangazo, hao ni wa safari. Hao 27 waliofuata siwezi kuapa ni tangazo peke yake. Na nafasi ya tangazo si tangazo. Kuna mtazamaji asiyeletewa lolote.

FundiBoxer_Kla: La dakika ya 2 nalitoa. Safari naiacha kwanza, watu wanaisifia.

Nabirye_Mhariri: Wanaoisifia ni waliobaki. Haya, toa hilo tangazo tu, kisha linganisha wiki mbili kabla na mbili baada. Mteremko ukibaki kabla ya dakika ya 2, rudi tuongee kuhusu Jinja.

MamaShazi: Na mimi wa mapishi?