Baruapepe rasmi kwa mtu usiyemjua: cheo, jina, au "To Whom It May Concern"?

Binti Arua: Wadau, nimemaliza chuo na naomba nafasi ya mafunzo kazini. Baruapepe moja naipeleka ofisi ya wilaya, nyingine kwa shirika binafsi Kampala. Wilayani sina jina la mtu. Kampala ninalo, tuseme Tumusiime Atuhaire (nimelibadilisha), ila sijui ni bwana au bibi. Nianze na "Dear Sir", "To Whom It May Concern", au jina?

Afande Mstaafu: Binti, usijisumbue. "Dear Sir", kichwa cha habari chini yake, mwisho "Yours faithfully". Ndivyo tulivyofundishwa, na sijaona barua iliyorudishwa kwa sababu hiyo.

Mama Zaitun: Shikamoo afande. Kurudishwa hairudishwi, ila inasomwa kwa jicho jingine. Mimi ndiye ninayepokea maombi ya kazi kwenye kampuni yetu, na jina langu liko kwenye tovuti pamoja na picha. Bado naitwa "Sir". Siitupi barua hiyo, lakini najua mwenye nayo ametuma ileile kwa kampuni zote za mjini.

Karani wa Masijala: Mama ana haki kwa upande wa kampuni. Wilayani mambo ni tofauti, na hapo afande amekaribia. Barua ya serikali huandikiwa kiti, si aliyekikalia. Binti, anza na "The Chief Administrative Officer", chini yake jina la wilaya, kisha "Dear Sir/Madam", kisha mstari wa "RE:" unaotaja mafunzo kazini. Ma-CAO huteuliwa na serikali kuu na huhamishwa wilaya hadi wilaya. Jina ulilolitoa kwenye tovuti huenda mwenyewe keshahama, na aliyepo anafungua barua ya mtangulizi wake. Tena si yeye anayeisoma kwanza. Karani anaangalia cheo na ule mstari wa "RE:" ili ajue iingie jalada gani na iende meza ya nani. Kama tangazo limetaja cheo kingine, kwa mfano katibu wa tume ya utumishi ya wilaya, nakili kama kilivyo.

Boda Msomi: Mbona "To Whom It May Concern" mnaikwepa? Mwenyekiti wetu wa LC1 aliniandikia hivyo na benki wakanifungulia akaunti.

Karani wa Masijala: Kaka, ile ni barua ya utambulisho, unatembea nayo mkononi. Leo benki, kesho kwa mwenye nyumba. Mwenyekiti hawezi kujua itaishia kwa nani, kwa hiyo maneno hayo ni mahali pake. Binti anaweza kuiambatisha kama ilivyo. Lakini baruapepe yake mwenyewe anajua anaituma wapi.

Kijana wa Kisenyi: Si umtumie tu WhatsApp, "Hello boss"? Wakubwa wa siku hizi wanajibu haraka.

Mama Zaitun: Mwanangu, ameuliza habari ya barua rasmi.

Mwalimu wa Bwera: Turudi kwa Tumusiime. Kwa Waacholi na Walango, Okello na Akello zinakuonyesha mara nyingi nani mwanamume na nani mwanamke. Tumusiime ni wa kiume na wa kike pia, hata Atuhaire. Halafu kuna swali la pili: lipi ni la ukoo? Wengi wetu huandika kama daftari la shule, jina la nyumbani mbele, mwingine anageuza. Tazama anwani yake. Ikiwa ni `atumusiime`, basi Tumusiime ndilo la mwisho. Si uhakika, maana fundi wa mitambo huenda alijipangia tu. Angalia pia kama kuna "Dr." au "Eng.": ukipata cheo hicho huna haja ya kujua ni bwana au bibi. Usipopata, piga simu mapokezi uulize unamwandikiaje. Ikishindikana, andika "Dear Tumusiime Atuhaire" lote, na ukitumia jina malizia "Yours sincerely".

Afande Mstaafu: Mwalimu, mtu mzima unamwita majina yote mawili makavu, kama paredi ya asubuhi? Huyo hajibu.

Mwalimu wa Bwera: Ni heri kuliko kumwita bwana akiwa bibi.

Mama Zaitun: Mimi naafiki mwalimu. Ila bosi wangu angekasirika, huyo ni wa kizazi cha afande.

Binti Arua: Nimepiga simu. Mapokezi wamecheka, wakasema ni mama, si daktari, na wote wanamwita "Madam Peace". Peace kwenye tovuti halipo kabisa!

Mama Zaitun: Andika "Dear Ms. Tumusiime". Hilo la Peace ngoja akupe mwenyewe kwenye jibu lake, akisaini hivyo.

Afande Mstaafu: Na wilayani, "Dear Sir".

Karani wa Masijala: "Sir/Madam", afande. Kuna wilaya nyingi zenye CAO mama.

Afande Mstaafu: Enzi zetu mama naye alijibu "Sir".